Ukimaliza chooni: uchambuzi wa kibwagizo kimoja cha usafi wa vyoo shuleni

Shule ya msingi ninayoizungumzia hapa iko ukingoni mwa Ziwa Viktoria, upande wa Ilemela, Mwanza, mahali ambapo mtoto akitoka darasani anaona mitumbwi. Nitaiacha bila jina. Ilikuwa imejengewa vyoo vipya vya kumwaga maji kwa kopo: sinki la kuchuchumaa, na chini yake bomba lililopinda ambalo hubakiza maji kidogo shingoni ili harufu na inzi visipande juu. Baada ya muhula mmoja vyoo vile vilikuwa havitamaniki. Matundu mawili yaliziba, sakafu zilichafuka, na wasichana wa darasa la sita na la saba wakaanza kujizuia mpaka wafike nyumbani. Siku ya Choo Duniani, tarehe 19 Novemba, ilikuwa inakaribia, na mwalimu wa afya akatunga shairi la wanafunzi kulighani mbele ya wazazi. Akaniletea nilitazame, kwa kuwa mimi ni mwalimu wa Kiswahili na nimezoea kukaa na mashairi ya watoto.

Shairi lake lilikuwa na beti tisa na kibwagizo hiki: "Tudumishe usafi wa mazingira ya shule yetu kwa afya bora." Kihesabu mizani, utapata 22. Hakina ukwapi wala utao, yaani hakuna mahali pa kukata pumzi katikati, na mtoto akikighani anakimbizana nacho kama anayekimbilia daladala. Wanafunzi walikuwa wamekifanyia mazoezi wiki nzima. Wakubwa walikisema vizuri. Wadogo walishika "tudumishe usafi" na mwishoni "afya bora", na kati ya hapo wakanung'unika tu.

Lakini urefu si kasoro kubwa kuliko zote. Tuseme mtoto amekishika chote bila kupoteza neno. Anasimama ndani ya choo, amemaliza haja, kopo liko pembeni. Kibwagizo kinamwambia afanye nini? Adumishe usafi wa mazingira. Hakuna tendo ndani yake ambalo mkono wa mtoto wa miaka saba unaweza kulifanya papo hapo.

Kaulimbiu za kitaifa zimetuzoesha mtindo huu, na sina ugomvi nazo, kwa sababu zilikuwa na kazi nyingine. "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973 na "Nyumba ni Choo" iliyoanza 2017 zote zina mizani tano, na zote ni sentensi za aina moja: kitu fulani ni kitu fulani. Zilimlenga mtu mzima mwenye kaya, ambaye anatakiwa abadili mawazo yake kwanza ndipo achimbe choo. Zikafupishwa vizuri kwa kazi hiyo. Mwanafunzi hachimbi choo. Choo kipo, kimejengwa. Kinachokosekana ni vitendo viwili vitatu ambavyo kila mtoto anapaswa kuvifanya kabla hajatoka, kila mara, hata kama ana haraka ya kuwahi mpira. Kwa hiyo kibwagizo cha shule kinahitaji vitenzi, tena vya kuamrisha, kwa mpangilio ule ule ambao mwili unavifuata.

Tulikaa na yule mwalimu tukachagua umbo la tarbia: mishororo minne, kila mshororo mizani 16, nane za ukwapi na nane za utao. Watoto wetu wanalijua umbo hili hata wasipolijua jina lake, maana ngonjera na mashairi ya shuleni yamejaa humo tangu enzi za mshairi Mnyampala. Mwanafunzi wa Mwanza ana jambo jingine la ziada. Kwenye ngoma za Wasukuma amezoea kusikia mtu mmoja akianzisha na kundi zima likiitikia, kwa hiyo ukimpa mshororo uliogawanyika katikati, hahitaji kuelezwa nani aseme upande upi.

Vitenzi tulivyovitafuta vilitokana na kuvikagua vyoo vyenyewe, si kwenye daftari. Uchafu mwingi ulikuwa wa namna moja: mtoto alimwaga maji kidogo, hayakutosha kusukuma kinyesi kipite kona, akatoka bila kugeuka. Anayefuata akikuta hali ile hachuchumai juu ya sinki; anasogea pembeni, na hapo ndipo sakafu inapoharibika. Sinki la aina ile hutaka kiasi cha lita mbili kwa haja kubwa, zimwagwe kwa nguvu na kwa mkupuo. Zikichuruzishwa kidogo kidogo hazisukumi kitu. Kwa hiyo tendo lililokuwa linakosekana kati ya kumwaga na kunawa lilikuwa kutazama. Mtoto akigeuza shingo akatazama, ataona mwenyewe kama anahitaji kopo la pili. Nalipenda neno hili kuliko mengine yote ya shairi, kwa sababu halimkemei mtu.

Mwalimu akapata mshororo: "Mwaga, tazama, kanawe, kisha rudi darasani." Uhesabu: mwa-ga, ta-za-ma, ka-na-we, mizani nane, ki-sha ru-di da-ra-sa-ni, nane nyingine. Ulighanika vizuri, makofi yalikaa. Tukawafundisha darasa la pili asubuhi, na baada ya siku chache mwalimu akamwita mtoto mmoja mmoja pembeni bila kumwanzishia wimbo.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Ukimaliza chooni unafanyaje?"

"Narudi darasani."

Hakuwa peke yake. Kadhaa walijibu hivyo, na ukiwaangalia usoni walikuwa na uhakika kabisa kwamba wamepatia. Ukikaa na watoto wadogo utaligundua jambo hili: sehemu ya mshororo inayoganda zaidi ni ya mwisho, pale sauti inapotua na makofi yanapopigwa. Sisi mwishoni tulikuwa tumeweka neno la kujazia mizani, na vitendo vitatu tulivyovihangaikia tukaviweka mahali ambapo sauti inapita haraka.

Dawa yake ilikuwa kugeuza vipande na kuliondoa darasa kabisa:

*Ukimaliza chooni: mwaga, tazama, kanawe!*

U-ki-ma-li-za cho-o-ni, nane. Mwa-ga, ta-za-ma, ka-na-we, nane. Sasa ukwapi unataja wakati na mahali, na utao unataja vitendo. Kiranja wa afya anaita "Ukimaliza chooni", shule nzima inajibu vitendo. Neno la mwisho kabisa, ambalo ndilo linaloganda, ni "kanawe", na kunawa ndilo tendo ambalo watoto hulikwepa kuliko mengine kwa sababu ndoo iko nje na marafiki wameshatangulia. Swali la mwalimu nalo, "ukimaliza chooni unafanyaje", limekuwa ndiyo mwanzo wa jibu lenyewe. Kwa mikono waliongeza ishara: kumimina, kugeuza shingo nyuma, kusugua viganja. Kugeuza shingo kuliwachekesha sana, na kilichowachekesha hawakukisahau.

Kiligeuka pia kuwa saa ya kunawia. Kikighaniwa pamoja na makofi, kibwagizo huchukua sekunde tano hivi. Mara nne, mtoto amesugua mikono kwa sabuni sekunde 20 zinazoshauriwa, bila ya mtu kumhesabia.

Beti zikapunguzwa kutoka tisa hadi nne. Shairi lote likawa hivi:

*Kengele imeshalia, twende chooni kwa zamu,*
*Jaza kopo ukingia, maji yapo kwenye dumu,*
*Tundu ukilikosea, maji tena, si hukumu:*
*Ukimaliza chooni: mwaga, tazama, kanawe!*

*Gunzi ukilitupia, jua maji yatafoka,*
*Konani linabakia, halisogei kutoka,*
*Pipa limewekwa pia, hapo ndipo pa kuweka:*
*Ukimaliza chooni: mwaga, tazama, kanawe!*

*Ziwani tukichafua, kichocho huja majini,*
*Konokono huvilea, vidudu vyake mwilini,*
*Ngozini hujipenyea, ukioga ufukweni:*
*Ukimaliza chooni: mwaga, tazama, kanawe!*

*Wazazi, twawaambia, dumu tupu ni hasara,*
*Sabuni mkichangia, kutapungua kuhara,*
*Nasi tutaitikia, kila siku, kila mara:*
*Ukimaliza chooni: mwaga, tazama, kanawe!*

Mtu wa vina atasema "ukingia" ni inkisari ya "ukiingia", na kwamba kuachia kina cha kati kiwe "a" mwanzo hadi mwisho ni kujirahisishia. Ni kweli, na tulijirahisishia makusudi. Kina cha "a" hupatikana kwa vitenzi vingi vya kawaida, hivyo hatukulazimika kuazima neno gumu ambalo mtoto anayezungumza Kisukuma au Kikerewe nyumbani, na ambaye Kiswahili bado anakijifunza, angelighani bila kulielewa.

Sasa niseme kilichokuwa ndani ya beti tulizozitupa, maana hapo ndipo mashairi mengi ya usafi yanapokosea, na kosa halionekani kwa sababu mizani zimetimia. Rasimu ilikuwa na mshororo huu: "Funika tundu la choo, inzi wasije kuruka." Nane kwa nane, safi kabisa. Mwalimu alikuwa ameuchukua kutoka shule nyingine yenye choo cha shimo cha kawaida, na huko ni ushauri sahihi: shimo lisilofunikwa hutoa inzi na harufu. Kwenye sinki lenye kona ya maji hauna maana, maana maji yenyewe ndiyo mfuniko. Na kwenye choo cha shimo chenye bomba la hewa, lile refu jeusi lililofungwa wavu juu, ushauri huo unaharibu kazi. Choo hicho hufanya kazi kwa upepo unaoingia kupitia tundu, ukashuka shimoni, ukapanda na harufu kwenye bomba. Inzi walio shimoni hufuata mwanga unaotoka juu ya bomba wakanaswa kwenye wavu. Ukifunika tundu umeuzuia upepo. Mtoto mtiifu anayelitii shairi ndiye atakayekifanya choo kinuke, na hakuna atakayelishuku shairi.

Mshororo wa pili uliotupwa ulikuwa: "Nawa mikono kwa maji, kichocho kisikupate." Huu ulinishtua zaidi, kwa kuwa uliandikwa kwa watoto wa ufukweni. Kunawa mikono kwa sabuni hupunguza kuhara. Hakuzuii kichocho. Kichocho cha tumbo, ambacho ndicho kimeenea kandokando ya ziwa, hutoka kwa mtu kupitia kinyesi. Mayai yakifika kwenye maji yasiyo na chumvi huanguliwa, vijidudu vinamwingia konokono wa majini, vinaongezeka ndani yake, kisha vinatoka kwa wingi na kuogelea mpaka vipate ngozi ya mtu aliyesimama majini. Havipiti mdomoni kwa sababu ya mkono mchafu. Vinapenya ngozi nzima isiyo na jeraha, wakati mtoto anaoga, anafua au anachota maji. Choo kinamkinga mtoto kwa njia moja tu: kinyesi kisifike ziwani. Ndiyo maana ubeti wa tatu unaanza na kuchafua ziwa na kuishia kwenye ngozi, na neno la kunawa limeachwa kwenye kibwagizo, ambacho hakidai kwamba kinatibu kichocho.

Kuna jambo moja dogo hapa ambalo halikuingia katika shairi, ila mwalimu alilipeleka kwa wanafunzi wa zamu. Maji ya kunawia yalichotwa ziwani asubuhi ile ile. Vile vijidudu vilivyotoka kwa konokono haviishi muda mrefu bila kumpata mtu. Maji yakitulia siku moja hadi mbili kwenye chombo kisicho na konokono, hufa. Kwa hiyo madumu ya leo hujazwa kwa ajili ya kesho kutwa, na yanayotumika leo ni ya juzi. Mchotaji, bila shaka, bado anaingia ziwani kwa miguu yake, na hilo utaratibu wa madumu hauliondoi. Dawa za kichocho zinazogawiwa shuleni humtibu aliye na minyoo ya kichocho, lakini hazimzuii kuambukizwa tena akirudi majini kesho yake.

Ubeti wa gunzi ulitokana na kuzibua. Fundi alipofungua bomba lililoziba alikuta magunzi ya mahindi na kijiwe. Wanafunzi hawakufanya utundu: nyumbani wengi wana choo cha shimo, na kwenye shimo gunzi la kujifutia linatumbukia bila madhara yoyote kwa bomba, maana bomba halipo. Choo kimebadilika, mazoea yamebaki yale yale. Hapo karipio halikuhitajika. Mwalimu aliwaonyesha kipande cha bomba lililopinda akaingiza gunzi mbele yao, wakaona lilivyokwama, ndipo wakafundishwa ubeti. Neno "konani" lilikuwa limekwisha kupata picha.

Kuhusu kubandika maandishi nitasema kwa ufupi. Kibwagizo kilichorwa kwa rangi mara mbili: upande wa ndani wa mlango, kwenye kimo cha macho ya mtoto aliyechuchumaa, na ukutani juu ya kibuyu chirizi cha kunawia, ambako liliandikwa neno moja tu, "Kanawe", na mshale. Bango kubwa lililokuwa getini liliachwa hapo hapo. Getini hakuna anayejisaidia.

Lililobaki lilikuwa gumu, nalo ni maji. Kibwagizo kinachosema "mwaga" kimeiandikia shule ankara. Chukulia safari 300 za haja kubwa kwa siku katika shule kama hii yenye wanafunzi zaidi ya 600. Kwa lita mbili kila mara ni lita 600, yaani madumu 30 ya lita 20, kabla hujahesabu ya kunawia. Wakati wa vuli mabati na simtanki vilisaidia. Kuanzia Juni hadi Agosti, mvua zikikatika, kila dumu linabebwa kichwani. Mwalimu aligundua njia rahisi ya kujua kama shairi linafanya kazi au linaimbwa tu: saa nane mchana aliangalia madumu. Siku ambayo mstarini wameimba kwa sauti kubwa na madumu bado yamejaa, alijua hakuna aliyemwaga. Alifanya vivyo hivyo kwa sabuni. Mche wa sabuni ulikuwa unaibwa, akaacha kuweka mche, akatumia sabuni ya unga iliyoyeyushwa, kiasi cha gramu 30 kwa chupa ya lita moja na nusu, kifuniko kimetobolewa kwa msumari. Kwenye chupa ile aliweka alama ya kalamu kila asubuhi. Chupa ya wavulana ilishuka polepole kuliko ya wasichana, na alama ile ikamwambia ni kundi gani la kulifuatilia.

Kulikuwa na upungufu mwingine ambao shairi halikuweza kuugusa. Mwongozo wa taifa wa maji na usafi wa mazingira shuleni unataka tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Kwa wasichana 300 na wavulana 300 hiyo ni matundu 15 na 12. Shule hii ilikuwa na pungufu ya nusu ya hayo, na mapumziko ni dakika 20. Mtoto aliye wa thelathini kwenye foleni hatatazama nyuma yake. Wenzake wanagonga mlango. Walichoweza kufanya ni kutenganisha mapumziko ya madarasa ya chini na ya juu, foleni ikapungua. Ubeti wa nne ulielekezwa kwa wazazi kwa sababu hiyo: siku ya maadhimisho wao ndio waliokuwa wamekaa mbele, na mtoto aliyeghani kwamba dumu tupu ni hasara aliwasema watu wenye uwezo wa kulijaza. Kikao kilichofuata kilipitisha mchango wa sabuni. Wa mabomba ukaahirishwa.

Shule jirani, ile iliyo juu mlimani kwenye majabali, ililiomba shairi. Kule jiwe haliruhusu shimo refu, vyoo vyao ni vya shimo fupi lenye bomba la hewa, na shimo fupi likimwagiwa maji kila mara hujaa upesi. "Mwaga" lingewagharimu. Maneno mawili yakabadilishwa, mizani zikabaki pale pale: "mwaga" ikawa "lenga", na "Ukimaliza chooni" halikuwafaa tena kwa sababu kulenga hufanyika kabla, wakaghani "Tukiingia chooni: lenga, tazama, kanawe." Ubeti wa kwanza ulibaki, kwa kuwa kopo la kujitawazia bado linahitajika, ila "maji tena" ikawa "fagia tu". Ubeti wa gunzi waliuondoa wote, kwani choo chao hakina kona. Wenye shimo la kawaida lenye mfuniko wanaweza kusema "lenga, funika, kanawe", mizani nane zile zile, mradi kabla ya kulifundisha mtu aingie chooni kwanza aangalie kama kuna bomba la hewa.